Ikisiri ya Tasnifu: Anzia Kwenye Matokeo, Usianzie Kwenye Historia ya Redio

Mwalimu mpendwa,

Ninasomea shahada ya uzamili katika taaluma ya habari, na tasnifu yangu inahusu vipindi vya redio vya asubuhi hapa Arua na jinsi vilivyojadili kodi ya mitandao ya kijamii mwaka 2018. Sura zote tano zimekamilika. Kinachonikwamisha ni ikisiri. Chuo kinataka isizidi maneno 250 na ionyeshe lengo, mbinu, matokeo na umuhimu wa utafiti. Yangu ina maneno 410. Nimeipunguza mara tatu, na kila nikipunguza msimamizi wangu anasema, "Bado sijaona ulichokipata."

Inaanza hivi: "Redio ni chombo muhimu sana cha mawasiliano barani Afrika. Nchini Uganda, tangu sekta ya utangazaji ilipofunguliwa kwa watu binafsi mwanzoni mwa miaka ya 1990, redio zimeongezeka kwa kasi na kuwapa wananchi jukwaa la kutoa maoni yao." Inamalizika hivi: "Matokeo ya utafiti yamejadiliwa kwa kina na mapendekezo yametolewa kwa wadau husika."

Nimekuambatishia ikisiri nzima pamoja na sura ya nne. Nikate wapi? Tasnifu naiandika kwa Kiingereza, lakini rasimu zangu huanza kwa Kiswahili.

Mwanafunzi wa uzamili, Arua

*

Ndugu mwanafunzi,

Nimesoma ikisiri yako mara mbili na sura ya nne mara moja, na nimeona kwamba tatizo lako halihusu kukata. Ulipunguza mara tatu na mara zote tatu ulipunguza maneno ndani ya sentensi zilezile, ilhali sentensi zenyewe ndizo zisizofaa kuwapo. Ukikata kivumishi hapa na kiunganishi pale utafika maneno 350 na utachoka, kwa sababu sehemu kubwa ya ulichoandika ni utangulizi wa sura ya kwanza uliohamia mahali pasipo pake.

Kabla sijaendelea niwaambie wasomaji wengine kwamba, kwa kuwa tasnifu hii haijatetewa, nimebadilisha namba zake zote na baadhi ya maelezo ya matokeo. Namba zitakazoonekana hapa chini ni za mfano, na mtu asizinukuu kama takwimu za redio yoyote ya Arua.

Lipo jaribio moja ambalo huwapa wanafunzi wangu kabla sijasoma ikisiri zao. Chukua kalamu na uweke alama kwenye kila sentensi ambayo ungeweza kuiandika kabla hujakwenda uwandani. Kwamba redio ni muhimu Afrika, ungeweza. Kwamba sekta ilifunguliwa kwa watu binafsi miaka ya 1990, ungeweza. Kwamba utatumia uchanganuzi wa maudhui na mahojiano, ungeweza pia, maana hilo lilikuwamo katika pendekezo lako la utafiti. Na sentensi ya mwisho, ile ya matokeo kujadiliwa kwa kina, ungeweza kuiandika hata kabla hujachagua mada. Katika ikisiri yako yenye sentensi 14, nilipofanya jaribio hili zilibaki sentensi mbili tu zisizo na alama, nazo zimejificha katikati ya aya kama kwamba unaziomba radhi. Msimamizi wako anaposema haoni ulichokipata, anamaanisha hizo alama.

Kwa hiyo weka kando rasimu yote na uanze upya kutoka sura ya nne. Andika kwanza matokeo, kwa sababu ndiyo yatakayoamua lengo lielezwe vipi na mbinu ielezwe kwa kiasi gani. Nilipoisoma sura hiyo nilikuta jambo zuri ambalo wewe mwenyewe umelipita haraka. Ulikwenda uwandani ukitarajia kukuta watangazaji wanaozima hoja za wapiga simu kwa hofu. Ulichokikuta ni tofauti. Simu zilipokelewa kwa wingi, wachuuzi na wafanyabiashara wadogo walieleza kwa undani jinsi shilingi 200 kwa siku zilivyowaumiza, hasa wale wanaotumia WhatsApp kuulizana bei na wateja wa upande wa Kongo, lakini hoja zao hazikufika popote. Na sababu waliyokupa wahojiwa ni ya kawaida kabisa, tena ndiyo inayonivutia: mgeni wa studio na maswali yake hupangwa siku moja kabla, na simu hupewa robo saa ya mwisho, wakati mgeni ameshamaliza kusema. Mpangilio wa kipindi ndio uliofanya kazi uliyodhani inafanywa na hofu.

Huo ndio utafiti wako. Mtu akikukuta kwenye teksi ya kwenda Nebbi akakuuliza ulichunguza nini, utamweleza hivyo, na hutaanza na historia ya utangazaji barani Afrika. Ujaribu kuiandika hoja hiyo kwa sentensi moja, kisha uitafutie namba zinazoishikilia. Katika jedwali lako zipo nyingi, lakini zinazohitajika ni tatu: simu 380 zilizozungumzia kodi, simu 247 kati ya hizo zilizolalamikia gharama ya biashara, na simu 61 kati ya hizo 247 ambazo mtangazaji aliuliza swali la kufuatilia au aliipeleka hoja kwa mgeni. Jinsia ya wapiga simu, muda wa wastani wa kila simu na lugha waliyoitumia ni mambo ya kweli na yana kurasa zake katika sura ya nne, ila hayaibebi hoja kuu, na kwa maneno 250 kila kitu kisichoibeba hoja kinaibana.

Angalia pia jinsi unavyozitaja namba. Rasimu yako ilisema "asilimia kubwa ya wapiga simu hawakusikilizwa ipasavyo." Msomaji hajui asilimia kubwa ni ngapi, na neno "ipasavyo" ni hukumu yako ambayo hukuipima. Ulichopima ni tendo linaloonekana katika rekodi: mtangazaji aliuliza swali la kufuatilia au hakuuliza, aliipeleka hoja kwa mgeni au hakuipeleka. Litaje tendo hilo lenyewe. Na unapoandika 61, andika ni 61 kati ya ngapi, maana 61 kati ya 247 na 61 kati ya 380 ni madai mawili tofauti, na mtahini wa nje atakuuliza.

Mbinu ndiyo sehemu ambayo watu wa taaluma yetu huipotezea maneno bila kujua. Uliandika kwamba utafiti "ulitumia mkabala mseto, yaani wa kitaamuli na wa kitakwimu, pamoja na usampulishaji wa makusudi, na uliongozwa na nadharia ya upangaji wa ajenda." Yametumika maneno mengi na bado sijui ulisikiliza nini. Katika uchanganuzi wa maudhui msomaji anahitaji mambo manne ili aweze kuupima uzito wa matokeo: ulichanganua nini, vingapi, vya kipindi gani, na kizio chako cha kuhesabia kilikuwa nini. Hili la mwisho husahaulika mara nyingi, na ndilo linalobadilisha maana ya kila namba. Ukihesabu kipindi kizima kama kizio kimoja utapata picha moja, na ukihesabu kila simu utapata nyingine kabisa. Wewe ulihesabu simu, basi sema hivyo. Majina ya mikabala msomaji ataweza kuyakisia mwenyewe akishajua kwamba ulichanganua rekodi na kuhoji watu tisa. Kiwango cha makubaliano kati ya waweka alama wako wawili kibaki sura ya tatu. Nadharia nayo itajwe tu kama utafiti wako unaijaribu au unaipinga. Wako unaitumia kama taa ya kuanzia, na hilo halitoshi kuipa nafasi katika maneno 250.

Lipo jambo ulilolificha ambalo nakusihi ulitoe. Ulilenga rekodi 52, yaani kipindi kimoja kwa wiki kwa kila redio kwa majuma 26, lakini ulipata 46 kwa sababu sita hazikuhifadhiwa. Katika ikisiri uliandika 52. Naamini hukukusudia kudanganya, kwa kuwa 52 ndiyo iliyokuwa katika pendekezo lako na ilihama pamoja na sentensi nyinginezo, lakini namba ya ikisiri lazima iwe ile uliyoichanganua. Kusema "46 zilizopatikana kati ya 52 zilizolengwa" kunagharimu maneno machache tu, na msomaji anayejua shida ya kutafuta rekodi za redio zetu atakuamini zaidi.

Ukishakuwa na matokeo na mbinu, lengo huandikika kwa sentensi moja, kwa sababu sasa unajua linaelekea wapi. Muktadha wa lazima uingie ndani ya sentensi hiyohiyo badala ya kujengewa aya yake. Msomaji wa nje ya Uganda anahitaji kujua kwamba kulikuwa na kodi ya mitandao ya kijamii na kwamba ilianza Julai 2018. Mengine hayahitaji hapa. Kwamba kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021 na nafasi yake kuchukuliwa na tozo ya asilimia 12 kwenye data za intaneti, na kwamba ebimeeza, ile mijadala ya hadharani iliyorushwa na redio za Kampala, ilipigwa marufuku mwaka 2009, ni habari nzuri sana kwa sura ya kwanza. Nilifurahi kuikuta huko. Katika ikisiri inakula maneno 60 na kumchelewesha msomaji.

Umuhimu ndio unaohitaji uangalifu wa mwisho, na hapa ulikosea kwa namna mbili zinazopingana. Mahali pamoja ulidai makubwa mno uliposema kwamba utafiti "unaonyesha hali ya redio nchini Uganda," ilhali ulisikiliza redio mbili za mji mmoja. Mahali pengine ulidai madogo mno uliposema kwamba mapendekezo yametolewa kwa wadau, kauli isiyomwambia mtu yeyote kitu chochote. Umuhimu wa kweli uko katikati, na unatokana moja kwa moja na matokeo. Watafiti wengi wa vipindi vya simu huhesabu simu kisha wakachukua wingi wake kuwa dalili ya ushiriki wa wananchi. Wewe umekuta mahali ambapo simu ni nyingi na ushiriki ni mdogo. Hilo linawahusu wote wanaopima vipindi vya aina hii, popote walipo, na hulazimiki kusema neno lolote kuhusu redio ambazo hukuzisikiliza.

Nimejaribu kuyaweka yote hayo pamoja. Hivi ndivyo ningeiandika kwa Kiswahili:

"Utafiti huu ulichunguza jinsi vipindi vya asubuhi vya redio mbili za Arua, ambavyo hupokea simu za wasikilizaji, vilivyoshughulikia hoja za wapiga simu kuhusu kodi ya mitandao ya kijamii iliyoanza kutozwa nchini Uganda Julai 2018. Uchanganuzi wa maudhui ulifanywa kwa rekodi 46 zilizopatikana kati ya 52 zilizolengwa, kipindi kimoja kwa wiki kwa kila redio, Julai hadi Desemba 2018, na kila simu ilihesabiwa kama kizio kimoja. Kisha watangazaji na watayarishaji tisa walihojiwa kuhusu maandalizi ya vipindi hivyo. Kati ya simu 380 zilizozungumzia kodi hiyo, 247 zililalamikia gharama ya biashara, hasa mawasiliano na wateja walio ng'ambo ya mpaka wa Kongo. Mtangazaji aliuliza swali la kufuatilia au aliipeleka hoja kwa mgeni wa studio katika simu 61 tu kati ya hizo. Wahojiwa walieleza kwamba mgeni na maswali yake hupangwa siku moja kabla, na simu hupewa robo saa ya mwisho, wakati mgeni ameshamaliza kujibu. Katika redio hizi mbili, kwa hiyo, wingi wa simu haukuwa ushahidi wa ushiriki wa wasikilizaji katika mjadala. Tafiti za vipindi vya aina hii zinahitaji kupima pia kile kinachoifuata simu baada ya kupokelewa."

Hayo ni karibu maneno 170. Tazama mgawanyo wake: lengo lina sentensi moja, mbinu mbili, matokeo tatu, na umuhimu mbili fupi. Matokeo yamepata nafasi kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na hivyo ndivyo inavyopasa katika tasnifu inayotegemea ushahidi wa uwandani. Tazama pia nyakati za vitenzi. Nilichokifanya na nilichokikuta viko katika wakati uliopita, "ulichunguza," "zililalamikia," "haukuwa," kwa sababu yalitokea mara moja mahali fulani. Utaratibu wa redio uko katika hali ya mazoea, "hupangwa" na "hupewa," kwa kuwa ndivyo wahojiwa walivyoueleza. Sentensi ya mwisho pekee ndiyo iliyo katika wakati uliopo, maana ndiyo inayozungumza na watafiti wa leo.

Sikuandika "wahojiwa walithibitisha." Niliandika "walieleza," kwa sababu watu tisa wakikuambia namna kipindi kinavyopangwa wamekupa maelezo yao, na wewe hukukaa studio kuushuhudia upangaji huo. Ukitumia neno "kuthibitisha" utakuwa umedai zaidi ya ulichonacho, na ikisiri ndiyo ukurasa ambao mtahini anausoma kwa makini kuliko mwingine wowote, mara nyingi kabla hajafungua sura ya kwanza.

Sasa kuhusu lugha. Kuanza kwa Kiswahili si vibaya kwa kufikiri, lakini usihesabu maneno katika rasimu hiyo. Kiswahili hubeba mengi ndani ya neno moja: "zilizozungumzia" au "ameshamaliza" ni neno moja kwetu, na Kiingereza kitalitumia maneno mawili, matatu au manne. Rasimu ya maneno 170 kwa Kiswahili inaweza kukaribia kikomo chako cha 250 ikishaandikwa kwa Kiingereza, na rasimu ya 250 itakipita mbali. Ndiyo maana niliishia hapo nilipoishia. Usiitafsiri neno kwa neno. Isome hii mara mbili, ifunge, kisha uandike yako kwa Kiingereza kutoka kichwani ukiwa na zile namba tatu mezani, na ndipo uhesabu.

Ikikuzidi kwa maneno kumi au kumi na tano, kata kwanza kile kipande cha wateja wa ng'ambo ya mpaka. Kitakuuma, nami kingeniuma, maana ndicho kinachoipa Arua sura yake, lakini hoja itasimama bila yake. Zile "46 kati ya 52" usiziguse, wala kizio, wala sentensi ya simu 61.

Siku ya kuwasilisha, kaa na ikisiri mkono mmoja na sura ya nne mkono wa pili, na kila namba uitafute kwenye jedwali lake. Niliwahi kutahini tasnifu iliyosema mahojiano 18 katika ikisiri, 16 katika sura ya tatu na 17 katika kiambatisho, na saa nzima ya utetezi iliishia kwenye hesabu hiyo badala ya kazi nzuri aliyoifanya mwanafunzi yule. Kwako anza na 247, kwa sababu katika jedwali lako la pili nimeona imepigwa chapa 274.